Kichanja cha vyombo cha shilingi 75,000: uchambuzi wa kisa cha gharama lengwa katika karakana moja ya Mwanza

Usuli

Kisa hiki kinahusu karakana ndogo ya kuchomelea vyuma iliyopo upande wa Nyakato, jijini Mwanza. Jina la karakana, la mwenyewe na la maduka yaliyohusika yameondolewa, na baadhi ya tarakimu zimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike, ila uwiano kati ya tarakimu hizo umeachwa kama ulivyokuwa. Karakana ilikuwa na mafundi wawili wa kudumu, msaidizi mmoja, na mwenyewe ambaye naye ni fundi. Kazi iliyowaingizia fedha kwa miaka mingi ilikuwa magrili ya madirisha na mageti, kazi zinazofanywa kwa oda: mteja anakuja na vipimo, fundi anapiga hesabu ya vifaa, anaongeza ufundi na faida, kisha wanapatana bei.

Mwenye karakana alitaka bidhaa moja ya nyumbani ambayo ingetengenezwa bila kusubiri oda na kuuzwa kupitia maduka ya vyombo. Alichagua kichanja cha chuma cha kuanikia vyombo, chenye ngazi tatu, ambacho mpangaji wa chumba kimoja au viwili anaweza kukiweka ndani. Wazo hilo lilitokana na jambo analolijua kila aliyepanga katika mitaa ya vilimani kama Mabatini na Igogo. Uwanja wa nyumba ni mwamba na njia ya kupita watu, mahali pa kusimika kichanja cha miti hakuna, kwa hiyo vyombo vikishaoshwa huingizwa chumbani katika beseni vikiwa bado vinachuruzika maji.

Sampuli ya kwanza ilitengenezwa kwa mazoea ya kazi za oda. Ilikuwa imara na ya kupendeza, imechomelewa kwa bomba la mraba la milimita 25, ina urefu wa milimita 1,400 kwenda juu, imepakwa rangi mbili. Mwenye karakana alipojumlisha vifaa na ufundi alipata shilingi 77,000, akaongeza faida, akawaza kuwapelekea wenye maduka kwa shilingi 90,000. Katika hatua hiyo ndipo nilipoombwa kusaidia upande wa hesabu, na pendekezo langu la kwanza lilikuwa kwamba hesabu ile ianzie mwisho wake: itafutwe kwanza bei ambayo mnunuzi wa mwisho anaikubali dukani, kisha ishuke hatua kwa hatua hadi kwenye gharama ambayo karakana inaruhusiwa kuitumia. Njia hiyo, inayoitwa gharama lengwa, ilikomazwa na watengenezaji wa magari wa Japani tangu miaka ya 1960, lakini haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji bidhaa ambayo michoro yake bado inaweza kubadilishwa, na mtu aliye tayari kuibadilisha.

Kuitafuta bei

Tulikubaliana kwamba hatutamuuliza mtu yeyote swali la "ungenunua kwa shilingi ngapi". Mtu anayeulizwa hivyo hujibu kwa adabu au kwa kuanza kupatana bei, na majibu yote mawili hayana uhusiano wa karibu na fedha atakayotoa. Badala yake, sampuli tatu zinazofanana ziliwekwa katika maduka matatu, moja Igoma, moja Kirumba na moja Buhongwa, kila moja ikiwa imebandikwa bei. Aliyetaka kununua alitakiwa kuacha advansi ya shilingi 10,000 na kuelezwa kwamba kichanja chake kingekuwa tayari baada ya wiki tatu. Bei zilizobandikwa zilikuwa tatu, 85,000, 75,000 na 70,000, na kila baada ya wiki moja zilizungushwa kati ya maduka, ili tofauti ya mitaa isije ikachukuliwa kuwa tofauti ya bei.

Kwa bei ya 85,000 alipatikana mtu mmoja aliyeacha advansi katika wiki zote tatu. Kwa 75,000 walipatikana tisa. Kwa 70,000 walipatikana kumi. Tarakimu hizi ni chache mno kuitwa utafiti, lakini zilionyesha jambo la kutosha kwa uamuzi uliokuwa mbele yetu: kati ya 85,000 na 75,000 kulikuwa na ukingo ambao wanunuzi wengi hawakuuvuka, ilhali kushusha tena 5,000 kulileta mtu mmoja tu zaidi. Bei lengwa ikawekwa shilingi 75,000.

Wenye maduka waliombwa pia waandike kitu kimoja, nacho ni jambo la kwanza ambalo mteja alilishika au kuliulizia. Karibu wote walianza na trei ya chini inayokinga maji. Mama mmoja wa Kirumba alimwambia mwenye duka kwamba sahani hata zikiwekwa sakafuni zitakauka, tatizo lake yeye ni godoro lililo karibu na beseni. Wengi walipima kwa mkono kama ndoo ya lita 20 ingeingia ngazi ya chini. Hakuna aliyeuliza juu ya unene wa bomba, na rangi mbili zilizomchukua fundi nusu siku hazikutajwa hata mara moja.

Kushuka kutoka bei hadi gharama

Kutoka shilingi 75,000 tuliondoa kwanza sehemu ya mwenye duka. Wote watatu walitaka shilingi 10,000 kwa kila kichanja, na hoja yao ilikuwa nafasi: kichanja kimoja kinakaa mahali ambapo zingepangwa seti kadhaa za sufuria. Usafiri wa guta au pikapu kutoka karakana hadi dukani ulikuwa shilingi 3,000 kwa kila kimoja. Kwa hiyo fedha ambayo ingeingia karakana ilikuwa 62,000.

Faida lengwa ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kukubaliana, na naamini ndipo wengi hupita haraka. Mwenye karakana alikuwa tayari kusema asilimia yoyote ilimradi hesabu itoke. Tulikataa kutumia asilimia, tukauliza swali jingine: siku moja ya fundi na msaidizi wake ikitumika kwenye magrili, inaacha shilingi ngapi baada ya vifaa, ufundi na gharama za karakana? Daftari lake la oda lilionyesha takriban 25,000. Ikiwa wangeweza kutoa vichanja vitatu kwa siku, kila kimoja kilipaswa kuacha zaidi ya 8,300 ili kazi hii mpya isiwe inakula kazi ya zamani. Faida lengwa ikawekwa 9,000, na gharama inayoruhusiwa ikawa 62,000 toa 9,000, yaani shilingi 53,000.

Sampuli ya kwanza iligharimu 77,000. Pengo lilikuwa shilingi 24,000, na gharama yenyewe ilikuwa tayari imeipita bei ya dukani. Fundi mkuu alipoona tarakimu hizo alisema, "Bosi, hapa tuache tu." Tukamwomba kwanza avunje ile 77,000 katika mafungu yake: bomba 37,500, nondo za kusimamishia sahani 8,000, bati la trei 7,500, rangi 4,500, vijiti vya kuchomelea, mawe ya grainda na umeme wa LUKU 5,000, ufundi 10,000, na sehemu ya kodi ya eneo, mlinzi na uchakavu wa mashine 4,500.

Ieleweke kwamba bei zote za vifaa hapa zina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Karakana haikuwa imesajiliwa, kwa kuwa mauzo yake yako mbali chini ya kiwango cha shilingi milioni 200 kwa mwaka kilichowekwa mwaka 2023, na asiyesajiliwa hawezi kudai kodi aliyolipa dukani. Kwake yeye kodi hiyo ni gharama kama gharama nyingine. Karakana iliyosajiliwa ingepaswa kupiga hesabu hii upya, kwa sababu ndani ya zile 62,000 zingekuwemo zaidi ya 9,400 ambazo si mali yake.

Kuchora upya

Fungu la bomba lilikuwa karibu nusu ya gharama yote, na lilikuwa na sababu mbili ndani yake. Ya kwanza ni ukubwa: bomba la milimita 25 ndilo linalotumika kwenye magrili, kwa hiyo ndilo lililokuwa karakana siku ya kutengeneza sampuli. Fremu ya kichanja haibebi mzigo wa kuhitaji ukubwa huo. Bomba la milimita 20 lenye unene wa milimita 1 liliwekewa ndoo mbili za maji na mawe juu yake kwa siku tatu, likakaa vizuri. Bei yake ilikuwa 11,000, dhidi ya 15,000 za lile la kwanza. Uzito wa bomba kwa kichanja kizima ulishuka kutoka karibu kilo 12 hadi karibu kilo 7, jambo lenye thamani kwa mtu atakayekibeba begani kupanda Mabatini.

Sababu ya pili ilikuwa ukataji, na hiyo ndiyo iliyonivutia zaidi katika kisa chote. Kichanja kina miguu minne, mbao zake za upana ni sita (tuziite hivyo ingawa ni chuma), na za kina ni sita. Katika sampuli, mguu ulikuwa milimita 1,400, upana 850 na kina 380. Jumla yake ni milimita 12,980, ambazo ni bomba mbili za mita 6 na kipande cha karibu mita moja. Kipande hicho kilimlazimu fundi kufungua bomba la tatu kila mara, na mabaki yakaegeshwa ukutani yakisubiri kazi itakayoyafaa. Kwa wastani kichanja kimoja kilikula bomba mbili na nusu.

Tuligeuza utaratibu. Badala ya kuchora kichanja kisha kuhesabu bomba, tuliweka sharti la bomba mbili, kisha tukatafuta vipimo vinavyoingia humo. Mguu ukawa 1,300, upana 750, kina 350. Bomba la kwanza linatoa miguu minne na upana mmoja, jumla 5,950. Bomba la pili linatoa upana tano na kina sita, jumla 5,850. Jiwe la kukatia hula karibu milimita 2 kwa kila mkato, na bado nafasi inatosha. Fungu la bomba likashuka kutoka 37,500 hadi 22,000.

Trei ilifanyiwa hesabu ya namna hiyohiyo. Kwa kuwa wateja walikuwa wameitaja kuliko kitu kingine, haikuruhusiwa kuondolewa wala kufanywa ya plastiki nyembamba, lakini vipimo vyake vilifuata bati. Shiti bapa ya zinki ya milimita 2,440 kwa 1,220 iliyonunuliwa 37,500 ilikuwa inatoa trei tano za mchoro wa kwanza. Kwa mchoro mpya ilitoa tisa, tatu kwa tatu, yaani takriban 4,200 kwa kila trei. Zamani trei ilichomelewa kwenye fremu, na moto ulichoma zinki mahali palepale ambapo maji hukaa, hivyo kutu ingeanzia hapo. Mpya ilikunjwa na fundi bati wa jirani kwa shilingi 800 na kuachwa huru, ili mteja aivute na kumwaga maji. Fungu likawa 5,000 badala ya 7,500, na trei ikawa bora kuliko ya mwanzo.

Mafungu mengine yalipungua kwa njia za kawaida zaidi. Nondo za ngazi ya chini zilipunguzwa kwa kuwa pale panakaa ndoo na sufuria, fungu likawa 5,500. Rangi ikawa moja, 3,000, lakini rangi ya msingi nyekundu ilibaki, kwa sababu kichanja kinaishi majini. Fremu ya kushikia vipande mahali pake ilitengenezwa kwa chuma chakavu, na vichanja kwa siku vikapanda kutoka viwili hadi vitatu. Ufundi ulishuka kutoka 10,000 hadi 8,000 kwa kichanja, na hapa mafundi walionyeshwa hesabu waziwazi kabla ya kukubali: vichanja viwili vilikuwa vinawapa 20,000 kwa siku, vitatu vitawapa 24,000. Vijiti, mawe na umeme vikawa 3,500.

Fungu la mwisho, 4,500 za kodi ya eneo na mlinzi, hatukuligusa. Mwenye karakana alipendekeza tuandike 3,000 kwa kudhani kwamba angeuza vichanja 60 kwa mwezi badala ya 40. Pendekezo hilo lilikataliwa. Gharama inayopungua kwenye karatasi kwa sababu ya mauzo yanayotumainiwa haijapungua, na ni njia nyepesi mno ya kulifunga pengo bila kubadilisha kitu chochote katika bidhaa.

Jumla mpya ikawa 51,500, chini ya gharama inayoruhusiwa kwa 1,500.

Wazo moja lilijadiliwa na kuachwa, nalo ni kichanja cha kufungwa kwa boliti ili kisafirishwe kikiwa bapa. Boliti zingegharimu 3,200 na kuokoa 1,500 tu za usafiri, na sampuli yake ilitikisika mbele ya wateja. Mtu anayetoa 75,000 huanza kwa kukitikisa.

Bomba la mita sita lisilo la mita sita

Kundi la kwanza lilipangwa kuwa vichanja 20, na bomba 40 zikanunuliwa. Fundi alikata miguu minne kutoka bomba la kwanza, akapima kilichobaki apate upana wa 750, akakuta kipande cha milimita karibu 600. Alidhani amekosea kipimo, akakata la pili, ikawa vilevile. Ndipo alipopima bomba zima: milimita 5,800. Bomba zote za shehena ile zilikuwa hivyo. Urefu huo si ajabu, kwa kuwa unaruhusu bomba kuingia kwenye kontena la futi 20, lakini dukani huitwa bomba la mita sita na kuuzwa kwa bei ileile.

Kazi ilisimamishwa asubuhi hiyohiyo, na kuna mjadala uliofuata ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Fundi mkuu alipiga hesabu kwamba kila kichanja kilikosa upana mmoja na kina kimoja. Vipande vya kina vingepatikana kwenye mabaki ya milimita 600, na vya upana vingetoka saba kwa kila bomba la ziada. Kwa kundi zima zingehitajika bomba tatu zaidi, 43 badala ya 40. Hiyo ni shilingi 1,650 kwa kila kichanja, na gharama ingekuwa 53,150. Ilizidi kiwango kwa shilingi 150. Msimamo wake ulikuwa kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimamisha kazi kwa shilingi 150.

Mwenye karakana alikuwa upande wake, nami nilielewa kwa nini. Tulichokitazama hatimaye hakikuwa 150 bali namna bomba tatu zile zilivyopatikana. Hesabu ya 43 inawezekana tu pale vichanja 20 vinapokatwa kwa pamoja na kila kipande cha mabaki kikahifadhiwa na kutumika. Siku wakitengeneza vitano tu, wangerudi kwenye hali ya kufungua bomba kwa ajili ya kipande kimoja. Tena ile akiba ya 1,500 ingekuwa imekwisha kabla hata kichanja cha kwanza hakijauzwa. Uamuzi ukawa kuchora tena, kwa sharti la bomba mbili za milimita 5,800.

Mguu ukawa 1,250, upana ukabaki 750, kina kikawa 335. Bomba la kwanza linatumia 5,750, la pili 5,760, na mikato inabaki ndani ya mipaka. Ndoo ya lita 20 na sinia kubwa la kawaida vilijaribiwa vikaingia. Trei ilipungua kidogo na shiti bado ikatoa tisa. Miguu minane iliyokwisha kukatwa ilipunguzwa milimita 50 kila mmoja, na vipande vya 600 vikatoa kina. Tangu hapo, kabla ya kulipia shehena yoyote, msaidizi hupima bomba tatu zilizochaguliwa ovyo kwa futi kamba.

Matokeo ya miezi sita

Karakana iliuza vichanja 212 katika miezi sita ya kwanza, kwa wastani 35 kwa mwezi, na bei ya dukani haikushuka chini ya 75,000. Vilivyorudishwa vilikuwa tisa. Kimoja kilikuwa na trei iliyovuja konani. Vinane vilitoka katika kundi moja, na sababu yake inafaa kuelezwa.

Katika mwezi wa tatu bomba lilipanda kwa shilingi 1,000. Mbili kwa kila kichanja ni 2,000, na gharama ikafika 53,500. Muuzaji mwingine alikuwa na bomba la 20 kwa bei ya chini, 10,000, akisema ni lilelile. Lilipofika kwenye moto lilianza kutoboka, na kila tundu lilizibwa kwa kijiti cha ziada na dakika kadhaa za grainda. Baadhi ya maungio yaliyozibwa yalikatika nyumbani kwa wateja. Bomba lile lilikuwa na unene wa milimita 0.8. Kwa jicho ni vigumu kuliona hilo, kwa sababu ncha iliyokatwa hufumuka kidogo na kuonekana nene, lakini mizani haidanganyi: bomba la 20 lenye urefu wa mita 5.8 na unene wa milimita 1 lina karibu kilo 3.5, na la 0.8 lina karibu kilo 2.8. Mizani ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza samaki inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Waliporudi kwenye bomba sahihi walihitaji kupata shilingi 500 mahali pengine. Zilipatikana kwenye grainda. Fremu ina maungio 24, na yote yalikuwa yanasagwa hadi kulainika. Ilikubaliwa kwamba yanayoelekea mbele na yale ambayo mkono hupita yasagwe, na ya nyuma yagongwe magamba, yasafishwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi. Hilo liliokoa 700, na gharama ikawa 52,800.

Hata hivyo, faida halisi haikufika 9,000. Gharama za eneo zilikuwa 180,000 kwa mwezi zilizotengwa kwa vichanja 40, na vilipouzwa 35 kila kimoja kilibeba zaidi ya 5,100 badala ya 4,500. Gharama halisi ilikuwa kama 53,450 na faida kama 8,550. Januari pekee, mwezi wa ada za shule, vilitoka vichanja 19.

Kilichofaa na kilichokwama

Jambo lililofanya kazi vizuri zaidi ni kwamba kiwango cha 53,000 kiliwekwa kabla ya mchoro kukamilika, na kikabaki palepale. Sehemu kubwa ya upungufu wa gharama ilitoka kwenye vipimo na uchaguzi wa bomba, mambo ambayo hubadilishwa kwa penseli. Baada ya fremu ya kushikia vipande kutengenezwa na kazi kuanza, akiba kubwa iliyopatikana ilikuwa zile 700 za grainda. Anayeanza kupunguza gharama baada ya uzalishaji kuanza anabakiwa na mafungu madogo: ufundi, rangi, na ubora wa chuma, na kila moja kati ya hayo humuumiza mtu fulani.

Kumsikiliza mteja kulisaidia kwa namna isiyotarajiwa, kwa maana kulionyesha mahali pa kutogusa. Kama tungepunguza kila fungu kwa theluthi, trei ingekuwa ya kwanza kuharibiwa, ilhali ndiyo iliyokuwa inauza kichanja.

Kilichokwama ni kwamba hesabu ilikuwa na akiba ndogo mno dhidi ya bei ya chuma. Akiba ya 1,500 ilimezwa na mabadiliko ya bei moja tu. Kwa bidhaa ambayo zaidi ya asilimia 40 ya gharama yake ni kifaa kimoja, nadhani ingefaa kulenga 50,000 tangu mwanzo, hata kama hilo lingechelewesha kuanza. Kuhusu bomba la 0.8, sababu yake haikuwa tamaa. Kiwango kilikuwa kimeandikwa ukutani kwa shilingi, lakini sharti la unene halikuandikwa popote, kwa hiyo aliyetumwa dukani alitimiza lile lililoandikwa. Sasa karatasi ya ukutani ina safu ya pili: unene, urefu na uzito wa bomba.

Makadirio ya mauzo nayo yalikuwa ya matumaini. Vichanja 40 kwa mwezi vilitokana na advansi za wiki tatu za kwanza, wakati bidhaa ilikuwa mpya machoni pa watu, na hakuna mwezi wa ada uliokuwamo.

Ombi la Nansio

Mwenye duka mmoja wa Nansio, Ukerewe, aliomba kuuziwa, akieleza kwamba kwao kichanja kinaweza kufika 78,000. Usafiri hadi kivukoni, kuvuka na kufikisha dukani ulikuwa 7,000. Ukiondoa hizo, 10,000 za duka na 9,000 za faida, gharama inayoruhusiwa kwa Nansio ni 52,000, dhidi ya gharama halisi ya 53,450.

Kichanja cha boliti kilirudishwa mezani kwa sababu hiyo. Kikifungwa bapa, usafiri ungeshuka hadi 3,500 na gharama inayoruhusiwa ingepanda hadi 55,500, lakini boliti za 3,200 na kazi ya kutoboa ya 1,000 zingeifikisha gharama kwenye 57,650. Pengo la 1,450 lingekuwa 2,150. Mwenye karakana aliamua kutopeleka. Alimpa mwenye duka wa Nansio bei ya 62,000 mlangoni mwa karakana, usafiri ukiwa juu yake. Yeye ana mashua inayokuja Mwanza kwa shughuli nyingine na kurudi nusu tupu, kwa hiyo alichukua vichanja sita katika safari ya kwanza.